Kusoma Rangi ya Kahawa Iliyokaangwa: Mwongozo kwa Wanaokaanga Wenyewe Nyanda za Juu Kusini

Mnunuzi wa kahawa ya kukaangwa jijini Mbeya akifika dukani haulizi ilikaa motoni dakika ngapi. Anachota punje chache, anazigeuza kiganjani, anasema "hii imeiva" au "hii bado", na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo. Anayekaanga naye hufanya vivyo hivyo: anaepua kwa kuangalia rangi. Si njia mbaya, na macho yaliyozoea huona tofauti ndogo sana. Ila rangi ya nje ya punje inakueleza jambo moja tu, yaani ngozi ya punje imefikia wapi. Haikuambii ndani kumeiva kiasi gani, wala haikuambii kahawa ilifikaje hapo. Wengi wanaolalamika kwamba kahawa yao "wiki hii nzuri, wiki ijayo chachu" wameikaanga kwa rangi ileile kila mara.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaanga arabika ya Mbozi, Mbinga, Ileje au Rungwe, kilo moja moja au pungufu ya hapo, kwa mkaa, gesi au mashine ndogo, na hana kifaa cha kupimia rangi. Unachohitaji ni mizani ya jikoni inayosoma gramu, kinu cha kusagia, saa, karatasi nyeupe isiyong'aa, na chupa nne ndogo za kioo zenye vifuniko vinavyobana.

Kwanza, tafuta mwanga

Kosa kubwa la kupima rangi hutokea kabla hata kahawa haijaguswa. Watu hukaanga jioni, baada ya shughuli nyingine, halafu wanaangalia punje chini ya taa. Taa ya manjano huipa kahawa wekundu, ikaonekana imeiva kuliko ilivyo. Taa nyeupe yenye mwanga wa samawati huifanya ionekane ya kijivujivu na nzito. Kahawa moja, taa mbili, hukumu mbili.

Panga kupima mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwenye kivuli cha wazi: barazani, au karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Jua kali la Julai huku kwetu, mbingu ikiwa haina wingu, linang'arisha mafuta yaliyo juu ya punje na kukudanganya kwa upande mwingine. Kama ni lazima ukaange usiku, kaanga, lakini uamuzi wa rangi uache hadi asubuhi, na moto uamue kwa sauti na saa kama nitakavyoeleza.

Mahali unapoiweka kahawa nako kuna uzito wake. Punje juu ya ungo mpya wenye rangi nyeupe-manjano zinaonekana nyeusi zaidi kuliko punje zilezile ndani ya sufuria iliyoungua. Jicho hulinganisha na kilicho pembeni, hata usipotaka. Kwa hiyo tumia karatasi nyeupe ileile kila mara, ikichakaa weka nyingine ya aina hiyohiyo.

Ijue kahawa mbichi kabla haijaenda motoni

Kahawa mbichi iliyokaushwa vizuri ina maji kiasi cha 10 hadi 12%. Ikiwa mpya huwa na kijani kinachoelekea samawati, hasa ile iliyomenywa na kuoshwa kwenye viwanda vya vikundi kule Mbozi. Ikikaa ghalani mwaka au zaidi hupauka, ikawa ya manjano hafifu au nyeupe-nyeupe. Iliyopauka huanza safari ya rangi kutoka mahali pengine, na mara nyingi huwa imepoteza sehemu ya maji yake, kwa hiyo haitaenda sambamba na kahawa ya msimu mpya hata ukiipa moto uleule. Usichanganye magunia ya misimu miwili kisha ukategemea rangi moja.

Tenga pia punje kwa ukubwa kama hukununua iliyokwisha kupangwa madaraja. Punje ya AA, punje ya C na ile ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda, inayouzwa kama PB, hazipokei joto kwa namna moja. Ukizikaanga pamoja, ndogo hutangulia kuwa nyeusi na kubwa hubaki nyuma, nawe utakuwa unaangalia wastani wa rangi ambao hakuna punje inayoubeba.

Baada ya kuchambua, pima uzito na uuandike. Nitatumia gramu 500 kwa mfano wote unaofuata. Bila namba hii, nusu ya mwongozo huu haikufai.

Kaanga ukisoma rangi, sauti na harufu kwa pamoja

Dakika za mwanzo maji hutoka. Kijani hupungua, punje hupauka, harufu ni ya majani makavu yaliyolowa. Punje zinapofikia nyuzi joto 150 hivi za selsiasi huwa za manjano, na harufu inageuka kuwa ya mkate unaoiva. Hapo ndipo sukari na viini vya protini vinapoanza kuunganishwa na joto, na muungano huo ndio unaozaa rangi ya kahawia na sehemu kubwa ya ladha tunayoiita ya kahawa. Sukari yenyewe nayo huanza kuungua kadiri joto linavyopanda.

Kati ya nyuzi 196 na 205 hivi utasikia punje zikipasuka. Ni sauti kavu, yenye nguvu. Mvuke na hewa iliyobanwa ndani ya punje vimepata njia ya kutoka, punje imevimba, na ngozi nyembamba iliyobaki juu yake inabanduka na kuwa makapi. Huo ndio mpasuko wa kwanza. Kahawa iliyoepuliwa kabla haujatokea haijawa kinywaji bado, hata kama kwa macho ni ya kahawia. Ukiendelea, sauti hutulia kwa muda, kisha karibu na nyuzi 224 hadi 230 huanza mpasuko wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, moshi ukizidi na mafuta yakianza kuonekana juu ya punje.

Kwa hiyo rangi uisome ikiwa kati ya alama hizi mbili za sauti. Ukiona rangi imekuwa ya chokoleti na bado hujasikia mpasuko wa kwanza ukikamilika, usishangilie. Moto wako ni mkali mno na unachokiona ni ngozi inayoungua. Kinyume chake, kama mpasuko umepita na rangi bado imepauka, angalia kama kahawa ni kuukuu au kama makapi yamezifunika punje. Makapi meupe yakibaki kwenye mfereji wa katikati huifanya kahawa nzima ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Pepeta kwanza, ndipo uangalie.

Wanaokaangia nje wakati wa baridi ya Juni na Julai waongeze tahadhari moja. Upepo huvuta joto la sufuria, mtu anaongeza mkaa, upepo unatulia, na moto unaruka juu ghafla dakika za mwisho, pale ambapo kahawa inahitaji utulivu kuliko wakati wowote. Kinga jiko kwa bati au ukuta kabla hujaanza.

Unapoepua, poza upesi. Mimina kwenye ungo au wavu mpana, koroga na upepee mpaka kahawa iweze kushikika kwa mkono, isizidi dakika nne au tano. Punje zilizorundikana hujipika zenyewe, na rangi uliyoiona ulipoepua siyo utakayoikuta kahawa ikipoa. Ndiyo maana nasema rangi ya kwenye sufuria ni ya kuongozea mkono tu. Rangi ya kupimia ni ya kahawa iliyopoa.

Punje nzima kwa usawa, unga kwa kina

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Tandaza punje kama konzi moja juu ya karatasi, zisipandane. Kitu unachokitafuta hapa ni usawa. Je, zote zina rangi moja au ziko makundi mawili? Kuna zenye doa jeusi upande mmoja, upande uliolala kwenye chuma? Kuna zilizoungua nchani tu? Madoa hayo ni ya sufuria yenye moto mwingi au mwiko uliozembea, na ukisaga kahawa yatapotea ndani ya unga usiyaone tena, ingawa mdomoni yatarudi kama uchungu wa masizi. Kwa hiyo usagaji kamwe usitangulie ukaguzi wa punje nzima.

Kisha chukua punje moja kubwa, ikate kwa kisu kufuata mfereji wake. Angalia ukuta wa ndani. Katika kahawa iliyoiva vizuri kwa kiwango cha kati, ndani huwa na rangi nyepesi kidogo kuliko nje, na mpito kutoka ngozi hadi kiini ni wa taratibu. Katika iliyokimbizwa utaona mstari: ngozi ya kahawia iliyoiva, halafu kiini chenye rangi ya mchanga. Kiini hicho pia ni kigumu. Ukikitafuna kinagoma, kisha kinalainika kama nafaka mbichi badala ya kuvunjika kwa mlio.

Sasa saga. Saga gramu 20 hivi, kwa ukali uleule wa kinu kila mara, kwa sababu unga laini huonekana mweupe zaidi kuliko unga wa chenga hata kahawa ikiwa ni ileile. Mwaga juu ya karatasi, ugandamize kwa kitako cha bilauri mpaka uso uwe tambarare. Uso wenye mabonde una vivuli, na vivuli jicho huvihesabu kama weusi. Rangi ya uso huu ndiyo inayokupa kina cha ukaangaji, maana imechanganya nje na ndani.

Waonjaji wa kimataifa nao wanatenganisha mambo haya mawili. Utaratibu wa kuonja wa chama cha kahawa maalumu, SCA, uliotumika kwa miaka mingi, umeweka sampuli ya kuonja ikaribie 58 kwa punje nzima na 63 kwa unga kwenye kipimo cha Agtron, ambacho namba kubwa maana yake ni kahawa nyepesi. Yaani hata kahawa iliyokaangwa vizuri unga wake huwa mwepesi kuliko punje zake, kwa pointi tano hivi. Na utaratibu huohuo haukuishia kwenye rangi: uliongeza kwamba ukaangaji usipungue dakika 8 wala kuzidi 12. Walioandika masharti hayo walijua rangi peke yake haitoshi.

Mfano: gunia moja, rangi moja, kahawa mbili

Mama mmoja wa Uyole, anayekaangia mkaa na kuuza kahawa ya unga kwenye pakiti ndogo, aliniletea kahawa ya mikupuo miwili kutoka gunia moja la Mbozi. Mteja wake mkubwa alikuwa ameusifia wa kwanza na kuurudisha wa pili. Tulizitandaza barazani. Kwa punje nzima, sikuona tofauti ya kutajika.

"Mwanangu, rangi si ileile? Huyu mtu ananionea."

"Mama, tusage kwanza."

Tulisaga zote mbili, tukazigandamiza pembeni kwa pembeni. Unga wa kwanza ulikuwa wa chokoleti ya maziwa. Wa pili ulikuwa mweupe zaidi, wa mdalasini, na ulionekana hivyo hata kwa mtu aliyekuwa anapita tu. Bahati nzuri mama huyu huandika uzito, kwa sababu hununua na kuuza kwa kilo. Kila mkupuo ulianza na gramu 500. Wa kwanza ulitoka na gramu 424, wa pili gramu 438.

Hesabu ni hii:

```
(uzito wa mwanzo - uzito wa mwisho) ÷ uzito wa mwanzo × 100
(500 - 424) ÷ 500 × 100 = 15.2
(500 - 438) ÷ 500 × 100 = 12.4
```

Ukikumbuka kwamba kahawa mbichi ina maji 10 hadi 12%, maana ya namba hizi inaonekana yenyewe. Mkupuo uliopoteza 12.4% umetoa kiasi kinachokaribia maji yake na zaidi kidogo tu. Uliopoteza 15.2% umetoa maji na sehemu ya mwili wa punje wenyewe, kwa njia ya moshi, makapi na hewa ya kaboni dioksidi. Kwa uzoefu wa wakaangaji, kahawa nyepesi hupoteza 11 hadi 13%, ya kati 14 hadi 16%, na nzito 17 hadi 20% au zaidi. Kumbe mteja alipokea kahawa nyepesi iliyovaa ngozi ya kahawa ya kati.

Nilimuuliza muda. Mkupuo wa kwanza ulikaa motoni kama dakika 12. Wa pili ulikaa dakika 7, kwa sababu mkaa siku hiyo ulikuwa mzuri na mkavu, sufuria ilikuwa bado ya moto kutokana na mkupuo uliotangulia, na punje zilikuwa bado zinapasuka kwa kelele alipoona rangi imefika, akaepua. Alifuata kanuni yake ya rangi kwa uaminifu, na kanuni ndiyo iliyomponza. Tulipoonja, kikombe cha pili kilikuwa na uchachu unaouma pembeni mwa ulimi na harufu ya njugu mbichi.

Dawa yake haikuwa kuongeza rangi. Angeendelea na moto ule dakika mbili zaidi, nje kungeungua ndani kukiwa kumefika tu panapostahili. Alichofanya ni kuacha sufuria ipoe kidogo kati ya mikupuo, kutoa sehemu ya mkaa mara punje zinapofika manjano, na kutoepua mpaka mpasuko wa kwanza uwe umetulia. Rangi ya nje ilibaki ileile aliyoizoea. Unga ndio uliobadilika, na uzito ukarudi gramu 423 hadi 426.

Tengeneza chupa zako za kulinganishia

Kumbukumbu ya rangi haidumu. Jicho linaweza kukuambia kwa uhakika kwamba huu ni mweusi kuliko ule vikiwa pamoja, lakini haliwezi kukuambia kama wa leo ni sawa na wa wiki iliyopita. Wenye fedha hununua vibao vya rangi vya SCA, vinane kuanzia 95 hadi 25, au mashine ya kusomea. Wewe tumia kahawa yako mwenyewe.

Chukua kahawa moja unayoifahamu, ya daraja moja na msimu mmoja, na ukaange mikupuo minne kwa moto wa kiasi, kila mmoja ukikaribia dakika 10 hadi 12 kwa mpasuko wa kwanza kumalizika. Wa kwanza uepue mara tu mpasuko wa kwanza unapokoma. Wa pili upe dakika moja hadi moja na nusu zaidi. Wa tatu uepue unaposikia punje za kwanza mbili tatu za mpasuko wa pili. Wa nne uache mpasuko wa pili ushike kasi, kisha uepue kabla moshi haujawa mzito. Pima uzito wa kila mmoja. Uliopotea unatakiwa upande kwa mpangilio, kitu kama 12, 14 au 15, 16 au 17, na 18 au 19. Kama wa tatu umepoteza pungufu ya wa pili, kuna mahali moto ulikimbia, rudia.

Onja yote minne kabla hujaifanya kipimo. Chupa yenye unga wa rangi nzuri na ladha mbaya itakufundisha kurudia ubaya kwa usahihi mkubwa. Ikipita, saga kila mmoja kwa ukali uleule wa kinu, jaza chupa mpaka juu, bana kifuniko, bandika karatasi yenye tarehe, asilimia iliyopotea na dakika, uweke kabatini gizani.

Kila mkupuo mpya, unga wake ugandamize kwenye kipande cha karatasi na kando yake mimina unga wa chupa mbili zilizo karibu nao. Uamuzi unaoutafuta ni mfupi: upo kati ya chupa ipi na ipi, na unaegemea wapi. Hiyo inatosha kwa biashara ya kawaida.

Chupa hizi huzeeka. Mafuta hupanda juu ya chembe, hasa kwenye ile ya nne, na unga unakuwa mzito kwa rangi na wa kushikana. Zitengeneze upya kila baada ya miezi miwili hivi, na kila msimu mpya wa kahawa unapoingia.

Mahali ambapo rangi haina la kukuambia

Kuna kahawa ambayo itakuwa na rangi sahihi, unga sahihi, na hata uzito sahihi, na bado ikawa pooza. Ni ile iliyokaa motoni muda mrefu kwa joto dogo, dakika 20 na zaidi, kwa mfano mkaa ukiwa umefifia na mtu anasubiri tu. Ladha yake imelala, ni ya mkate mkavu, haina uchangamfu wa tunda ambao kahawa ya Mbozi inaweza kuwa nao. Rangi haina njia ya kukuonyesha hilo. Saa ndiyo inayoonyesha, kwa hiyo andika muda kila mara: muda wa kufika manjano, muda wa mpasuko wa kwanza, muda wa kuepua.

Kuna punje chache zitakazobaki na rangi ya karanga kila ukikaanga, hata wenzake wakiwa wa chokoleti. Hizi zilichumwa kabla hazijaiva au mti haukuzilisha vizuri, hivyo hazina malighafi ya kutosha kuzaa rangi. Wapo wanaoendelea kukaanga wakisubiri zifikie wenzake. Hazitafika, na nyingine zote zitaungua kwa ajili yao. Zichambue kwa mkono baada ya kupoza. Chache tu kwenye kikombe huleta ladha ya karatasi na maganda ya karanga. Zikiwa nyingi, tatizo liko shambani, kwa wachumaji, na hapo zungumza na aliyekuuzia.

Kahawa iliyokaushwa ikiwa ndani ya tunda lake nayo ina desturi zake. Mfereji wake wa katikati hutoka kahawia badala ya mweupe, na rangi yake huwa ya mchanganyiko hata ikiwa imekaangwa vizuri. Usiipime kwa chupa za kahawa iliyooshwa. Vivyo hivyo robusta ya Kagera: itengenezee chupa zake au uache kuilinganisha kabisa.

Mng'ao wa mafuta ni kishawishi kingine. Wateja wengi huamini kahawa inayong'aa ni mpya na nzuri. Mafuta huonekana kwa sababu mbili tofauti: ukaangaji mzito uliofika mpasuko wa pili, au kahawa ya kiwango cha kati kuelekea nzito iliyokaa rafu muda. Ukiona punje zinang'aa lakini unga wake ni wa chupa ya tatu, uliza tarehe ya kukaanga kabla hujaisifu.

Na rangi haioni kabisa madhara yaliyotokea kabla ya kukaanga. Kahawa iliyochachuka kupita kiasi kwenye tangi, iliyoota ukungu ghalani au iliyonyonya harufu ya dizeli ikisafirishwa itakupa unga mzuri wa kupendeza. Hayo ni ya pua na ulimi.

Uzito nao, ambao nimeusifia, una mpaka wake. Kahawa iliyokauka hadi 9% itapoteza pungufu kuliko yenye 12% kwa rangi ileile, kwa kuwa ilikuwa na maji machache ya kutoa. Ndiyo maana namba yako iwe ya gunia, siyo ya kahawa zote. Gunia likibadilika, kaanga mkupuo mmoja wa majaribio, ulinganishe na chupa, uone namba mpya inaangukia wapi.

Kuhusu picha za simu

Siku hizi mteja aliye Dar es Salaam hutuma picha: "Nataka rangi kama hii." Usimwahidi kwa picha hiyo. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe kulingana na mwanga iliouona, na kioo cha simu yako hakionyeshi kama chake. Kama lazima mtumie picha, weka unga wa mkupuo na unga wa chupa zako mbili kwenye karatasi moja, picha moja. Atakachokiona ni uhusiano wa rangi tatu, na uhusiano huo hauharibiki kirahisi. Kilicho bora ni kumtumia gramu 50 za chupa ya pili na gramu 50 za chupa ya tatu kwa basi, akachagua kwa kuonja, nanyi mkabaki mnaitana kwa namba ya chupa.

Kikombe cha kuthibitisha

Acha kahawa ipumzike angalau saa 8 baada ya kukaanga. Saga gramu 8.25, weka kwenye kikombe, mimina mililita 150 za maji. Utaratibu wa kuonja hutaka maji ya nyuzi 93 hivi. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usiyasubiri yapoe kama wafanyavyo watu wa pwani, yamimine yakichemka. Baada ya dakika 4 vunja utando wa juu kwa kijiko, uondoe povu, usubiri yapoe kidogo, uonje. Onja pamoja na kikombe cha unga wa mkupuo uliokubalika mara ya mwisho, kwa sababu ulimi nao, kama jicho, unahitaji cha kulinganisha.

Chachu kali yenye harufu ya nafaka au njugu mbichi: ndani hakujaiva, punguza moto wa mwanzo. Pooza bila kosa la wazi: ulichukua muda mrefu, ongeza moto kabla ya manjano. Uchungu wa masizi huku unga ukiwa wa chupa ya pili: rudi kwenye punje nzima utafute madoa. Andika ulichokikuta kwenye mstari uleule wenye uzito, dakika na namba ya chupa, ili mkupuo unaofuata uanze na rekebisho moja tu, siyo matatu kwa mpigo.